Pole Isiyokupeleka Mahakamani

Mwaka 1996 wakulima wa Australia Magharibi walinunua mbegu za kanola, zao la mafuta ya kula, zilizozalishwa New Zealand na kuuzwa na kampuni ya Dovuro. Ndani ya magunia mlikuwa na kiasi kidogo cha mbegu za magugu ambayo eneo lile halikuyazoea. Idara ya kilimo ikaingilia kati, na wakulima wakalazimika kuingia gharama za kuyadhibiti mashambani. Kampuni ilitoa taarifa kwa vyombo vya habari ikiwaomba radhi wakulima na kusema hali ile haikupaswa kutokea. Kisha ikaandika barua, na humo ikakubali kwamba ilishindwa kutimiza wajibu wake wa uangalifu kwa kutowaeleza wakulima kuwa magugu yamo.

Maneno hayo yaliibuka mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Kampuni ilishindwa katika hatua ya kwanza, ikashindwa tena kwenye rufaa, na ikashinda tu ilipofika Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2003. Majaji walio wengi waliona kwamba magugu yale hayakuwa yamepigwa marufuku wakati mbegu zinauzwa, na kwamba madhara yale hayakuwa ya kutarajiwa. Kuhusu ile radhi, walisema kuamua kama mtu amekiuka wajibu wa kisheria ni kazi ya mahakama, na meneja anayeandika barua ili kutuliza wateja hana mamlaka hayo. Kampuni ilinusurika, lakini baada ya miaka ya kesi ambamo barua yake yenyewe ilikuwa silaha ya upande wa pili.

Ukiisoma kesi hiyo kwa makini, utaona kwamba kusikitika hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa sentensi moja iliyochukua msamiati wa wanasheria, "wajibu wa uangalifu", na kujihukumu nao kabla uchunguzi haujakamilika.

Nchi kadhaa zimetunga sheria ili watu wasiogope kuomba radhi. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilianza mwaka 1986. Uingereza na Wales zilifuata kwa sheria ya mwaka 2006, inayosema kwamba kuomba radhi, au kujitolea kumtibu aliyeumia, pekee yake si kukiri uzembe. Hong Kong ina sheria yake tangu mwaka 2017. Kinga hizi hazilingani. California inalinda maneno ya huruma baada ya ajali, lakini ukitamka kwamba kosa ni lako, maneno hayo yanaweza kuletwa mahakamani. Hong Kong imekwenda mbali zaidi, ikalinda hata ukiri wa kosa uliomo ndani ya radhi.

Kenya na Tanzania hazina sheria ya jumla ya namna hiyo. Sheria zao za ushahidi, ambazo asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, zina maana pana ya ukiri: kauli yoyote, ya mdomo au ya maandishi, inayoashiria jambo linalobishaniwa. Kwa hiyo mwandishi wa barua huku kwetu hana ukuta wa kujificha nyuma yake. Kinga yake ni namna anavyopanga maneno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya binafsi jijini Tanga ina kosta inayobeba wanafunzi. Jumanne asubuhi gari linafunga breki ghafla, mtoto wa darasa la tatu anarushwa kwenye kiti cha mbele na kuvunjika mkono. Mwalimu mkuu, mtu mwema aliyeshtuka kama mzazi yeyote, anaketi jioni hiyo na kuandika:

"Tunaomba radhi kwa uzembe wa dereva wetu, ambaye alikuwa akiendesha kwa kasi. Breki za gari zilikuwa na hitilafu. Shule itagharamia matibabu yote ya mtoto, na tunaahidi jambo kama hili halitatokea tena."

Sentensi ya kwanza ina neno "uzembe", ambalo mahakamani ndilo kiini cha madai. Mwalimu mkuu hakuwamo ndani ya gari. Habari ya mwendo kasi ameipata kwa matroni, naye matroni hakuwa akitazama kipimo cha mwendo. Sentensi ya pili inataja chanzo cha ajali kabla mkaguzi wa magari wa polisi hajaligusa gari. Huenda breki zilikuwa nzima na dereva alimkwepa bodaboda aliyekatiza mbele yake. Ya tatu ni ahadi isiyo na kikomo: "matibabu yote" yanaweza kuwa plasta ya leo, upasuaji wa mwaka kesho na mazoezi ya viungo ya miaka mitatu. Na ahadi ya kwamba halitatokea tena hakuna mwenye gari awezaye kuitimiza. Likitokea tena, barua hiyo itasomwa kama ushahidi kwamba shule iliijua hatari.

Kuna la nne ambalo mwalimu mkuu pengine hakulifikiria. Mikataba mingi ya bima ya magari ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa, asiahidi malipo wala kulipa chochote bila idhini ya maandishi ya kampuni ya bima. Akilivunja, anaipa kampuni hoja ya kumgeuka na kumdai, na shule inaweza kujikuta ikibeba mzigo ambao imekuwa ikiulipia bima kila mwaka. Ndiyo maana simu ya kwanza, baada ya ile ya kwenda kwa wazazi, ni ya kampuni ya bima.

Tuseme sasa rasimu inampitia mwanasheria mwoga. Inarudi hivi:

"Bila kukubali dhima yoyote, shule inasikitika iwapo mwanafunzi alipata usumbufu katika tukio linalodaiwa kutokea."

Kisheria haina doa. Kwa mama aliyekesha hospitalini na mtoto mwenye plasta ni tusi. Mkono umevunjika, na picha ya eksirei ipo. "Iwapo" ya nini? "Linalodaiwa" na nani? Barua ya namna hii ndiyo inayomtoa mzazi nyumbani kwenda kutafuta wakili.

Wengine huweka juu ya barua maneno "bila kuathiri haki", wakidhani ni hirizi. Maneno hayo yana kazi yake: hulinda mazungumzo ya kweli ya kumaliza mgogoro, pale pande mbili zinapotafuta suluhu nje ya mahakama. Barua ya pole si mazungumzo ya namna hiyo, hivyo kibandiko hicho hakiifanyi kuwa siri, na kinamwambia mzazi kwamba umeanza kujihami kabla hata hajalalamika. Wakati wa kuzungumzia fidia ukifika, iandikwe barua nyingine, na hapo maneno hayo yana mahali pake.

Barua inayofaa inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu wazazi, sote hapa shuleni tumeumia kwa kuvunjika mkono kwa binti yenu. Tunampa pole yeye, nanyi tunawapa pole kwa hofu na maumivu mliyoyapata.

Jumanne, majira ya saa moja na nusu asubuhi, gari la shule lilifunga breki ghafla likiwa njiani kuja shuleni, naye akaangukia kiti kilichokuwa mbele yake. Matroni alimpeleka hospitali, na mwalimu wa zamu akawapigia simu kabla ya saa mbili.

Sababu ya gari kusimama ghafla bado hatuijui. Polisi wa usalama barabarani wanachunguza, nasi tunakusanya maelezo ya waliokuwamo. Ijumaa ijayo tutawaandikia tena kuwaeleza tulipofikia. Wakati huo gari limeegeshwa na halibebi wanafunzi.

Malipo ya hospitali ya siku hiyo shule imeyatoa ili mtoto asicheleweshewe huduma. Tumeyatoa kwa nia njema, bila kusubiri kujua nani anawajibika. Mwalimu mkuu msaidizi atapokea simu zenu wakati wowote."

Pole imekaa mwanzo, imetaja jeraha lenyewe na mtu mwenyewe, na haina "lakini" nyuma yake. Maelezo ya tukio yamebaki kwenye yale yaliyoonekana kwa macho: saa, breki, kuanguka, hospitali. Kila moja mzazi anaweza kulithibitisha kwa kumuuliza matroni au kutazama fomu ya PF3 iliyotolewa polisi. Chanzo kimeachwa wazi kwa maneno ya kweli, "bado hatuijui", na kimepewa siku ya kujibiwa. Malipo yamefungwa kwa siku moja, na mwalimu mkuu makini atakuwa ameyapatia idhini ya bima kabla hajayaandika. Kuegesha gari kumeelezwa kama hatua ya tahadhari, bila kudokeza kwamba gari lilikuwa bovu.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wapenzi wa barua salama hulikwepa. Mwaka 2003 mtafiti wa sheria wa Marekani, Jennifer Robbennolt, alichapisha jaribio ambamo watu walipewa kisa cha mwenda kwa miguu aliyegongwa na baiskeli, kisha wakaulizwa kama wangekubali malipo waliyopewa kumaliza shauri. Ambao hawakuombwa radhi kabisa, asilimia 52 walikubali. Walioombwa radhi kamili, yenye kukubali kosa, ni asilimia 73. Waliopewa pole tupu isiyokubali lolote walishuka hadi asilimia 35. Pole tupu ilifanya vibaya kuliko kimya, na iliumiza zaidi pale jeraha lilipokuwa kubwa au ushahidi wa kosa ulipokuwa wazi.

Hivyo barua ya pole isiyokiri ni ya siku za mwanzo, wakati ukweli haujajulikana. Uchunguzi ukionyesha kwamba dereva alikuwa anaongea na simu na abiria watano wamemwona, kurudia "tunasikitika kwa kilichotokea" ni ujanja, na mzazi ataung'amua mara moja. Hapo shule inapaswa kwenda kwa bima na wakili wake na kuomba ruhusa ya kuandika barua ya pili inayokubali kosa kwa jina lake, pamoja na pendekezo la fidia. Wala hekima ya maneno haimpi mtu ruhusa ya kuficha. Ikiwa fundi aliandika wiki iliyopita kwamba breki ni mbovu, karatasi hiyo inakwenda polisi na kwa bima kama ilivyo. Kuandika kwa mzazi kwamba gari lilikuwa zima, hali unajua halikuwa, ni uongo utakaogharimu kuliko ukiri wowote.

Kabla ya kukabidhi barua, kagua simu za wafanyakazi. Ujumbe wa matroni kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, "samahani jamani dereva alikuwa anakimbia", uliotumwa dakika kumi baada ya ajali, ni kauli ya maandishi sawa na barua yenye mhuri, na sheria za Kenya na Tanzania zinaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani. Usiufute, maana kuufuta ni kuharibu ushahidi. Waelekeze wafanyakazi mapema, kabla ya ajali yoyote: wampe mzazi pole, wamweleze mtoto yuko wapi na nani yuko naye, na suala la nani kakosea waliache kwa wanaochunguza.