Utangulizi: Bati Huhesabiwa kwa Mistari

Ukadiriaji wa paa unaanzia kwenye ukingo wa bati, siyo kwenye ukuta wa nyumba. Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, kuta za nje mita 9 kwa 6, paa la pande mbili. Ukiongeza sentimita 60 za kuning'inia kila upande, urefu wa paa unakuwa mita 10.2. Kenchi ikiinuka mita 1.5 katikati, mteremko wa kila upande unafika mita 4 na kidogo.

Wengi hapa huzidisha kupata eneo, mita za mraba 82 hivi, kisha hugawanya kwa ukubwa wa bati. Kwa bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 80, jibu ni bati 35. Hizo hazitoshi. Bati hulaliana ubavuni, kwa hiyo sentimita 80 zinabaki 70 zinazofunika, na mita 10.2 zinahitaji mistari 15. Na mteremko wa mita 4 hautoshelezwi na bati moja: juu yake huwekwa nusu ya pili, ikilalia ile ya chini sentimita 20. Basi kila mstari unakula bati moja na nusu, na pande mbili zinakula bati 45. Upungufu wa bati 10 hugunduliwa fundi akiwa juu, na bati utakazoongeza huenda zikawa za rangi au geji nyingine.

Mbao nazo zihesabiwe kwa urefu zinaouzwa. Papi zikipigwa mistari 6 kila upande, kila mstari wa mita 10.2 unahitaji mbao 3 za futi 12, jumla 36. Kinachobaki ni cha maungio, na kiungio kiangukie juu ya kenchi, kisining'inie kati ya kenchi mbili. Kenchi 7 za mbao 2 kwa 4, moja kila mita 1.5, zitakula mbao 6 kila moja. Pamoja na 6 za kulaza juu ya kuta, ni 48.

Misumari ya bati inatokana na papi: misumari 4 kila bati linapokutana na papi, mara mistari 15, mara papi 12, ni 720, bila ya kofia. Dukani huuzwa kwa kilo, hivyo hesabu misumari ya kilo moja kabla ya kuagiza.

Ujira wa fundi nao una hesabu yake. Akidai kwa bati, kubalianeni mapema: nusu ni bati zima au nusu? Kwa paa hili, vipande ni 60, bati ni 45. Akidai kwa kazi nzima, mgawie malipo kwa hatua: kenchi zikisimama, papi zikikamilika, bati na kofia zikipigwa.