Chati Inaposomwa kwa Masikio

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliikuta Tanzania ina watu 61,741,120. Ripoti nyingi zinazotumia takwimu za sensa huweka mahali fulani chati ya mstari inayoanzia mwaka 1967 upande wa kushoto na kupanda hadi 2022 upande wa kulia. Anayeona huitupia jicho sekunde chache, akaondoka na hoja: tunaongezeka, na miaka ya karibuni tunaongezeka kwa wingi zaidi. Asiyeona anayetumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, kama NVDA au JAWS, akifika hapo husikia neno "graphic" basi. Siku nyingine husikia jina la faili, mfano "chati_mpya_final2.png". Halafu sauti inaendelea na aya inayofuata, na aya hiyo, kwa kejeli isiyokusudiwa, huanza na maneno "Kama inavyoonekana katika Chati ya 3".

Programu hizi husoma maandishi. Chati iliyobandikwa kama picha haina maandishi ya kusomwa, hata kama kila tarakimu inaonekana wazi kwa macho. Dawa yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi mbadala, yaani maneno yanayofichwa nyuma ya picha ili sauti iyatamke pale picha ilipo. Ya pili ni jedwali halisi lenye namba zilezile za chati.

Kwa nini viwe viwili? Kwa sababu chati nayo inafanya kazi mbili. Inatoa hoja, na inahifadhi namba za kuithibitisha. Maandishi mbadala yanafaa kubeba hoja, kwani husomwa mfululizo kama sentensi. Hayana vichwa vya habari, aya wala safu ambamo msikilizaji angeweza kurudi kutafuta mwaka mmoja. Jedwali ndilo linalofaa kubeba namba, kwa kuwa msikilizaji hutembea ndani yake seli kwa seli kwa mwendo anaoutaka. Anayejaza namba zote kwenye maandishi mbadala humlazimisha mwenzake kukariri, na anayeweka jedwali peke yake humwachia kazi ya kuitafuta hoja ambayo wengine wamepewa bure.

Tuishike chati hiyo ya sensa. Maandishi mbadala ninayokutana nayo mara kwa mara ni ya aina hii: "Chati inayoonyesha idadi ya watu." Hayo ni kichwa cha chati kilichorudiwa. Mengine hujitahidi upande usio na faida: "Mstari wa bluu unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia wenye vidoti sita vya rangi ya chungwa." Rangi ya kidoti haimsaidii mtu anayetaka kujua nchi yake ina watu wangapi.

Amy Cesal, mbunifu wa Kimarekani, mwaka 2020 alipendekeza kanuni fupi inayotosha kwa chati nyingi: taja aina ya chati, taja ni takwimu za nini, kisha sema kwa nini chati hiyo imewekwa hapo. Kwa kanuni hiyo tunapata:

"Chati ya mstari ya idadi ya watu Tanzania katika sensa sita, 1967 hadi 2022. Idadi imepanda katika kila sensa, kutoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7. Ongezeko kubwa zaidi ni la 2012 hadi 2022, karibu watu milioni 17. Namba zote ziko katika Jedwali la 3 chini ya chati."

Sentensi nne zinatosha. Ya kwanza inamweleza msikilizaji amekutana na kitu gani, ya pili inampa mwelekeo pamoja na ncha zake mbili, ya tatu inamwonyesha palipo na jambo kubwa, na ya mwisho inampeleka kwenye namba. Mwandishi hakuongeza kwamba ongezeko hilo "linatisha" au kwamba "linaashiria changamoto kwa huduma za jamii". Jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka 2021 Alan Lundgard na Arvind Satyanarayan wa chuo cha MIT huko Marekani waliwauliza wasomaji wanaoona na wasioona ni maelezo gani ya chati yanayowafaa. Maelezo yanayoeleza sababu za kijamii na muktadha yaliwapendeza wengi kati ya wanaoona, lakini wasioona wengi hawakuyathamini hivyo. Wao walitaka mwelekeo, kilele, bonde na ulinganisho, ili tafsiri waifanye wenyewe. Tafsiri ya mwandishi ina nafasi yake katika aya za ripoti, ambako kila msomaji anaweza kuipinga.

Sasa jedwali.

| Mwaka wa sensa | Watu (milioni) | Miaka tangu sensa iliyotangulia |
|---|---|---|
| 1967 | 12.3 | hakuna |
| 1978 | 17.5 | 11 |
| 1988 | 23.1 | 10 |
| 2002 | 34.4 | 14 |
| 2012 | 44.9 | 10 |
| 2022 | 61.7 | 10 |

Safu ya tatu haikuwemo kwenye chati. Imeongezwa kwa sababu mwandishi, alipokuwa akitunga maandishi mbadala, aligundua kwamba chati yenyewe ina kasoro. Excel, mtu akichagua chati ya mstari ya kawaida na miaka ikachukuliwa kama majina tu, hupanga sensa kwa nafasi zinazolingana. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, lakini kwenye chati nafasi yake ni sawa na ile ya miaka 10. Matokeo yake mstari unapanda wima zaidi kati ya 1988 na 2002, ambapo watu waliongezeka kwa milioni 11.3, kuliko kati ya 2002 na 2012, ambapo waliongezeka kwa milioni 10.5. Jicho linasema kasi ilipungua. Ukigawa kwa miaka unaona kinyume chake: watu walioongezeka kwa mwaka walikuwa kama laki nane katika kipindi cha kwanza, na zaidi ya milioni moja katika kipindi cha pili.

Mtego mwingine upo hapohapo. Ukihesabu kwa asilimia, wastani wa ongezeko kwa mwaka ulishuka kweli, kutoka 2.9 hadi 2.7, kabla ya kupanda hadi 3.2 katika sensa ya 2022. Kwa hiyo neno "kasi" likiachwa peke yake ndani ya maandishi mbadala halina maana kamili. Sema kama unahesabu vichwa au asilimia. Anayeona chati anaweza kusogeza macho pembeni akasoma kipimo kwenye mhimili, ilhali msikilizaji hana kipimo kingine ila kile ulichomtamkia.

Namna ya kulitengeneza jedwali nayo ina mambo yake. Mtumiaji wa NVDA akiwa kwenye ukurasa wa mtandao hubonyeza herufi T kurukia jedwali linalofuata, kisha hutumia Ctrl, Alt na vishale kuhama seli hadi seli. Akishuka kwenye safu ya pili husikia namba moja baada ya nyingine, na akihamia safu nyingine husikia kwanza kichwa chake. Hilo hutokea tu pale programu inapotambua kwamba mstari wa juu ni vichwa. Kuvikoleza wino hakutoshi. Katika Word inabidi uchague mstari huo na kubonyeza "Repeat Header Rows". Kipimo kiandikwe mara moja kwenye kichwa, "Watu (milioni)", kisha ndani ya seli zibaki namba tupu. Seli isiyo na kitu usiiache wazi, maana msikilizaji hatajua kama namba imekosekana au kompyuta imekwama. Ndiyo sababu hapo juu pameandikwa "hakuna". Seli zilizounganishwa ndizo zinazoharibu kazi kuliko zote. Mtu huunganisha seli tatu ili neno "Tanzania Bara" likae katikati kwa kupendeza, na kuanzia hapo sauti inaweza kuanza kutaja kichwa cha safu isiyohusika. Ni afadhali majedwali mawili mepesi kuliko moja la mapambo. Na jedwali lililopigwa picha na kubandikwa si jedwali, ni chati nyingine bubu.

Maandishi mbadala huandikwa kwa kubofya chati kitufe cha kulia na kuchagua "View Alt Text", au "Edit Alt Text" katika matoleo mengine. Nembo na mistari ya urembo huwekwa alama "Mark as decorative" ili sauti izipite. Hatari kubwa inakuja mwishoni, ripoti inapogeuzwa kuwa PDF. Anayetumia "Microsoft Print to PDF" hupata faili inayopendeza kwa macho, lakini maandishi mbadala na muundo wa jedwali huwa vimepotea vyote. Njia sahihi ni "Save As", kisha PDF, kisha "Options", na kuhakikisha "Document structure tags for accessibility" ina alama ya vema. Nimeshuhudia kazi ya wiki nzima ikifutika kwa mbofyo mmoja wa mtu wa uchapaji ambaye hakuwa na habari.

Lugha nayo isisahaulike. Ripoti ya Kiswahili ikiwa imewekewa alama ya Kiingereza, programu inaweza kuisoma kwa matamshi ya Kiingereza, na "watu wote" likasikika kama tusi la lugha isiyojulikana. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG inayojua Kiswahili, lakini hubadilika yenyewe pale tu hati inapotangaza lugha yake. Katika Word chagua maandishi yote, nenda "Set Proofing Language", uweke Kiswahili.

Kitufe cha "Check Accessibility" kitakuambia kama maandishi mbadala yapo. Hakitakuambia kama yana maana. Neno "picha" peke yake linaweza kukiridhisha. Kwa hiyo msomee maandishi yako mwenzako ambaye hajaiona chati, kisha muulize: inahusu nini, imetoka wapi ikafika wapi, na jambo kubwa liko wapi. Akikwama popote, rekebisha hapo. Baada ya hapo weka NVDA, ambayo ni ya bure, zima skrini, na jaribu kupata idadi ya watu wa mwaka 2002 kwa masikio tu. Ukiweza kumlipa mtumiaji asiyeona aikague ripoti kabla haijatoka, ni bora zaidi, kwa kuwa mazoea yake na vitufe hayafanani na yako.

Kazi hii asipewe mtu wa uchapaji siku ya mwisho. Anayejua kwa nini chati imewekwa ni mtakwimu aliyeichora, na dakika inayofaa ya kuandika zile sentensi nne ni palepale anapomaliza kuichora, faili ya namba ikiwa bado wazi mbele yake.