Barua ya Kumwomba Profesa Kikao

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinijia hapa Wundanyi, uso umemkunjamana. Anasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yake inahusu salamu za Kidawida. Alikuwa amemwandikia msimamizi wake barua pepe, siku 9 zikapita bila jibu, na muda wa kukabidhi sura ya tatu umebaki wiki 2 tu. Nikamwambia anisomee alichoandika.

"Mambo Prof! Nataka tuonane kesho kuhusu ile chapta. Niambie saa ngapi uko. Ni muhimu sana!"

Nikacheka, naye akanuna. "Mjomba, kwani nimemtukana?"

La, hakumtukana. Lakini "mambo" ni salamu ya rika, na yule ni mzee wa kupewa shikamoo. "Nataka" na "kesho" zikikaa pamoja huwa amri. Kubwa zaidi, hakujitaja jina wala hakusema amekwama wapi. Mwenye wanafunzi wengi atajuaje "ile chapta" ni ya nani?

Akaandika upya, mara hii akaruka upande wa pili: "Kwa heshima na taadhima, mimi mja duni nanyenyekea mbele ya bahari ya elimu..." Mistari 4 ikaisha, ombi halijafika. Nikamwambia afute. Unyenyekevu ukizidi husomeka kama dhihaka, na humchelewesha msomaji. Tukaandika hivi, juu kukiwa na kichwa "Ombi la kikao: sura ya tatu":

"Mheshimiwa Profesa,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wako wa uzamili. Naomba radhi kwa namna nilivyokuandikia awali. Nimeambatisha sura ya tatu, kurasa 18. Nimekwama ukurasa wa 7, katika kuchagua watu wa kuhojiwa. Ukipata nafasi, naomba unipe nusu saa wiki ijayo. Naweza kufika Jumanne au Alhamisi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, au wakati wowote utakaokufaa, inshallah. Ikiwa kuonana hakutawezekana, maelezo mafupi ya maandishi yatanitosha.

Wako mtiifu,"

Chini akatia jina lake kamili na namba ya usajili.

Alitaka kuweka Ijumaa saa 6 mchana, nikamkataza: mzee huyo wakati huo yumo njiani kwenda msikitini. Alitaka pia kuuliza, "Mbona hukunijibu?" Nikasema radhi inatosha. Na kama profesa si Mwislamu, shikamoo peke yake ingetosha.

Tazama lile neno "ukipata nafasi" na ile sentensi ya mwisho. Hapo ndipo heshima ilipo: mkubwa ameachiwa mlango wa kukataa bila kuona haya, na mdogo hakurudi mikono mitupu.

Jumatatu asubuhi jibu likaja, mstari mmoja: "Alhamisi saa 4. Njoo na orodha ya watu wako."