Nusu Nyuzi Inayotikisa Jibu Zima

Chukua bomba la shaba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 na urefu wa mita moja. Limezungushiwa waya wa hita unaotoa wati 1,000, likafunikwa vizuri lisipoteze joto, na ndani yake maji yanapita lita 6 kwa dakika. Kinachotafutwa ni kizigeu cha myuko, h. Myuko ni joto kubebwa na maji au hewa inayotembea, na h hutuambia kila mita ya mraba ya ukuta wa bomba inayapa maji wati ngapi kwa kila nyuzi moja ambayo ukuta umeyazidi:

h = P / (A × (Tu − Tm))

P ni nguvu inayoingia kwenye maji, A ni eneo la ukuta wa ndani, hapa mita za mraba 0.047. Tu ni joto la ukuta na Tm ni wastani wa joto la maji. Tuseme ukuta umeyazidi maji kwa nyuzi 7.2. Jibu ni takriban 2,950. Lakini kila kifaa kilichotupatia namba hizo kina shaka yake, na shaka hizo haziingii kwenye jibu kwa uzito sawa.

Kipimo cha umeme kina shaka ya asilimia 1, na cha mtiririko asilimia 3. Vipimajoto vyetu ni themokapo, nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, na kila kimoja kinaweza kukosea nusu nyuzi. Nusu nyuzi inaonekana ndogo kwa sababu tunaifikiria mbele ya maji ya nyuzi 25. Fomula haiijui 25. Inaijua 7.2, ambayo ni tofauti ya vipimo, na ukitoa kipimo kimoja kwenye kingine tofauti hupungua huku shaka za vyote viwili zikibaki.

Shaka zisizohusiana hazijumlishwi moja kwa moja, maana ni nadra zote zivutie upande mmoja. Kila moja huzidishwa kwa yenyewe, zinajumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Ndiyo njia ambayo Kline na McClintock waliwaeleza wahandisi mwaka 1953. Ukuta una shaka ya 0.5, wastani wa maji, uliotokana na kipimajoto cha mwingilio na cha mtokeo, una 0.35. Kwa pamoja ni 0.61, yaani asilimia 8.5 ya 7.2. Ukiongeza ile asilimia 1 ya umeme unapata 8.6. Umeme karibu haukuchangia kitu! Kununua kipimo bora cha umeme kwa jaribio hili ni kupoteza fedha.

Wengi hupenda kupata P kwa njia ya maji yenyewe: uzito wa maji yanayopita kwa sekunde, mara joto mahsusi, mara nyuzi yalizopanda. Hapo ndipo hatari ilipo. Wati 1,000 huyapandisha maji haya nyuzi 2.4 tu, na vipimajoto viwili vya nusu nyuzi vinaipa tofauti hiyo shaka ya 0.71, karibu asilimia 30. Shaka ya h inafika asilimia 31, na ile asilimia 3 ya mtiririko inamezwa kabisa. Kupunguza maji ili yapate joto zaidi hakusaidii kama inavyodhaniwa, kwa kuwa h yenyewe hubadilika mtiririko ukibadilika. Utakuwa umepima kitu kingine.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kuwasha hita, pitisha maji mpaka bomba lote liwe na joto moja, kisha soma vipimajoto vyote. Vinapaswa kukubaliana. Andika kila kimoja kinavyoachana na vingine, na urekebishe kwa kiasi hicho baadaye. Shaka ikishuka hadi nyuzi 0.1 kwa kila kimoja, njia ya umeme inatoa h yenye shaka ya asilimia 2, na njia ya maji asilimia 7 hivi. Sasa mtiririko nao unaanza kuhesabika.

Kuna kosa ambalo hesabu hii haiwezi kuligundua. Badilisha nguvu mara kadhaa bila kugusa mtiririko, uchore tofauti ya ukuta na maji dhidi ya wati. Mstari usipopita kwenye sifuri, vipimajoto bado vinaachana. Lakini kipimajoto kisichogusa ukuta vizuri, kilicho karibu na waya wa hita, husoma juu zaidi kadiri nguvu inavyoongezeka. Mstari wake hupita sifuri bila tatizo, na h hutoka ndogo kuliko ilivyo. Hapo linganisha na fomula ya Dittus na Boelter ya mwaka 1930, ambayo kwa bomba letu inatoa takriban 2,900. Fomula hiyo nayo inaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo itakuonyesha kipimajoto kilichobanduka, si kilicholegea kidogo.