Nyumba Sita na Hesabu ya Mwaka

Tuchukue mama mwenye nyumba sita za kupangisha huko Kisauni, Mombasa. Kila nyumba ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Mwaka 2025 ulipokwisha alitoa taarifa ya namba yake ya Paybill, akakuta wapangaji wamelipa jumla ya shilingi 648,000. Akapiga hesabu: nyumba sita, miezi 12, shilingi 9,000 kila moja, jibu ni 648,000 kamili. Ungedhani kila kitu kimekaa sawa. Lakini nyumba namba nne ilikuwa tupu Machi na Aprili, na mpangaji wa namba mbili alihama mwisho wa Agosti bila kulipa kodi ya mwezi huo. Sasa hizo 648,000 zimetimia vipi?

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuangalie sheria inamtaka nini. Nchini Kenya, mkaazi anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za watu kuishi hulipa ushuru wa kodi ya nyumba kila mwezi. Kiwango chake ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Awali kilikuwa asilimia 10. Ritani ya kila mwezi hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo hukatwa kwenye kodi yote iliyopokewa, bila kuondoa gharama hata moja, na ukishalipwa umekwisha: kodi hiyo haiingizwi tena kwenye ritani ya mwaka. Ikiwa chumba cha mbele kimekodishwa kama duka, kodi yake haimo humu. Hiyo huenda kwenye ritani ya mwaka, kwa hiyo iandikwe kando.

Basi muhtasari wa mwaka ni wa nini, ikiwa ushuru ulishalipwa mwezi kwa mwezi? Kwanza, unapima kama zile ritani 12 zilisema kweli. Pili, unamwonyesha mwenye nyumba kama utaratibu huu wa kila mwezi unamfaa au unamuumiza.

Ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Miezi ishuke upande wa kushoto, nyumba zipangwe juu, na kila kisanduku kibebe fedha zilizolipwa kwa nyumba ile mwezi ule, na tarehe. Kisha kila malipo yaliyo kwenye taarifa ya Paybill yatafutiwe kisanduku chake. Yasiyopata kisanduku ndiyo ya kuulizia.

Mama wa Kisauni alipofanya hivyo, fumbo lake lilifumbuka. Mpangaji mpya wa nyumba namba nne aliingia Mei na kuweka amana, ile dipoziti, shilingi 9,000. Mpangaji mpya wa namba mbili aliweka kiasi hichohicho Septemba. Hizo 18,000 si mapato, kwani ni fedha za wapangaji na watarudishiwa wakihama. Tena, tarehe 29 Desemba mpangaji wa namba tano alilipa kodi ya Januari mapema, na kwa kuwa ushuru huu unafuata kodi iliyopokewa, hizo 9,000 zinahesabiwa Desemba. Kwa hiyo kodi iliyopita kwenye simu ni 648,000 ukiondoa 18,000, yaani 630,000.

Kimebaki kitu kimoja ambacho simu haikukionyesha. Yule aliyehama Agosti na deni alikuwa na amana ya shilingi 9,000 aliyoiweka miaka ya nyuma, na mama akaizuia kufidia kodi ambayo hakulipwa. Siku amana inapozuiwa hivyo, inageuka kuwa kodi ya nyumba. Jumla halisi ya mwaka ni shilingi 639,000, na ushuru wake kwa asilimia 7.5 ni 47,925.

Ritani zake, hata hivyo, zilifuata simu. Mei na Septemba alitangaza 63,000 badala ya 54,000, kwa hiyo alilipa shilingi 675 zaidi kila mara. Agosti alitangaza 45,000 badala ya 54,000, akapunja 675. Asijidanganye kwamba makosa yamefutana. Kila mwezi ni ritani yake, na ile ya Agosti inadaiwa faini ya asilimia 5 ya ushuru uliochelewa pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Njia ni kurekebisha ritani zote tatu kwenye iTax. Kwa 675 faini ni ndogo, lakini ikigunduliwa na mkaguzi miaka mitatu baadaye, atauliza pia ni miezi gani mingine ilihesabiwa hivyo.

Sasa gharama. Mwaka huo alilipa maji shilingi 72,000, kwa kuwa maji yamo ndani ya kodi. Rati za ardhi kwa kaunti zilikuwa 9,000, na matengenezo 38,000. Kwa chama chake cha akiba na mikopo alirejesha mkopo wa kujengea nyumba hizohizo, na katika marejesho yake riba ilikuwa 110,000. Alinunua pia tangi jipya na kuongeza bafu kwa 85,000.

Si zote zinazokubalika katika hesabu ya ushuru wa mwaka. Riba inakubalika ila mkopo wenyewe haukubaliki, kwa hiyo anahitaji taarifa ya mkopo inayotenganisha viwili hivyo. Tangi na bafu ni mali mpya, si matengenezo, kwa hiyo haviondolewi kama gharama za mwaka. Katika zile 38,000 za matengenezo, 24,000 zina ankara ya eTIMS kutoka duka la vifaa vya ujenzi, na 14,000 alipewa fundi mkononi. Tangu Januari 2024, gharama ya namna hii isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, hata kama bomba lililozibwa linaonekana kwa macho. Zinabaki shilingi 215,000, na faida ni 424,000.

Hapa ndipo muhtasari unapolipa kazi yake. Mwenye nyumba anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba anataka kutozwa kwa utaratibu wa mwaka, yaani kwa faida badala ya kodi yote. Ikiwa mama huyu hana kipato kingine, shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 36,000 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 64,600. Ukiondoa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800, atalipa 35,800. Amepunguza zaidi ya shilingi 12,000.

Lakini tuseme ameajiriwa, na mshahara wake umeshamaliza viwango vya chini pamoja na ile nafuu. Faida ileile ya 424,000 itaangukia yote kwenye asilimia 30, na ushuru utakuwa 127,200. Kwake yeye, ile 47,925 ya kila mwezi ni rahisi mno.

Kutokana na hayo unapata kipimo chepesi. Mwenye mshahara unaotozwa asilimia 30 hafaidiki na utaratibu wa mwaka mpaka faida ya nyumba ishuke chini ya robo ya kodi yote, kwa sababu 7.5 ni robo ya 30. Kwa nyumba hizi sita, gharama zenye ankara zingebidi zipite shilingi 479,000. Mwenye mkopo mkubwa na mpya anaweza kufika huko, kwani miaka ya mwanzo riba ndiyo inayomeza marejesho. Mkopo ukikaribia kuisha, hesabu inageuka.

Kwa hiyo uamuzi huu haufai kusubiri wiki ya mwisho ya Juni, siku ya mwisho ya ritani ya mwaka ikiwa tarehe 30. Ukurasa ufungwe Januari, wakati mpangaji aliyehama bado anapatikana kwa simu na fundi bado anaweza kuombwa ankara. Ukishafungwa, uwekwe pamoja na taarifa na ankara zake kwa miaka mitano, muda ambao sheria inamtaka mlipa ushuru atunze kumbukumbu zake.