Barua ya Projekta Mbele ya Kamati ya Shule

Mwalimu mkuu anapoiandikia kamati ya shule “YAH: Ombi la idhini ya kununua projekta na skrini”, swali la kwanza atakaloulizwa ni: projekta ya namna gani? Naamini barua nyingi hukwama hapo, kwa kuwa hutaja bei na kusahau chumba.

Tuchukue chumba cha kompyuta ambacho mwanafunzi wa nyuma anakaa mita 8 kutoka ukutani. Ili asome maandishi bila kukodoa macho, kimo cha picha kisipungue sehemu ya sita ya umbali huo, yaani kama mita 1.3. Skrini ndogo kuliko hiyo ni hasara, hata ikiwa rahisi.

Kisha mwanga. Madirisha yasiyo na mapazia huifanya picha ipauke, hivyo barua iombe projekta ya lumeni 3,000 au zaidi, na mapazia yaingizwe kwenye bajeti ileile. Kompyuta kuukuu nyingi zina tundu la VGA tu. Projekta yenye HDMI peke yake itahitaji kigeuzi. Mjumbe makini atauliza pia bei ya taa ya akiba.