Weka Bei ya Chupa Inayofuata: Kuuza Vipodozi vya Nje Shilingi Ikipungua Nguvu

Ukiuza vipodozi hapa Theta, au kwenye maduka yanayofuatana kutoka Ruiru hadi Thika mjini, unaujua huu msemo wa mwenye duka la jumla: "Mama, mzigo mpya umekuja na bei mpya." Losheni ni ile ile, chupa ni ile ile, lakini pesa uliyobeba haitoshi. Ukirudi dukani unaanza kujiuliza: nimeuza mwezi mzima, wateja walikuwepo, sasa faida imeenda wapi?

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Faida ilipotea siku ulipouza chupa ya zamani kwa bei ya zamani, ilhali chupa ya kuijaza nafasi yake ilikuwa tayari imepanda. Leo tuifuate hiyo chupa moja hatua kwa hatua.

Dola inaingiaje kwenye losheni yako?

Tukumbuke mwaka wa 2023. Januari, dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Kufika Desemba ilikuwa imepita 156. Yaani mwagizaji aliyenunua mzigo wa dola 1,000 kwa shilingi 123,000 alihitaji zaidi ya shilingi 156,000 kuleta mzigo ule ule. Na ushuru nao hukua, kwa sababu KRA kwanza hugeuza thamani ya mzigo kuwa shilingi, kisha hutoza asilimia yake. Shilingi zikiwa nyingi, ushuru nao unakuwa mwingi hata kama asilimia haijabadilika. Mwaka huo huo wigi na kucha bandia ziliongezewa ushuru mpya wa bidhaa wa asilimia 5 kupitia Sheria ya Fedha ya 2023.

Lakini si kila shilingi ya bei inafuata dola. Tuchukue duka la mfano. Losheni inakufikia kwa shilingi 600, nauli na mtu wa mkokoteni wakiwa ndani. Tuseme 450 kati ya hizo ni bei ya nje pamoja na ushuru, na 150 ni mambo ya hapa nyumbani: usafiri, kodi ya duka la jumla, mishahara na faida yao. Dola ikipanda kwa asilimia 20, ile 450 inakuwa 540. Ile 150 inabaki palepale. Jumla ni 690, ambayo ni nyongeza ya asilimia 15, si 20.

Hesabu hii inakusaidia unapoongea bei. Dola ikipanda kwa asilimia 20 na mtu akuongezee asilimia 30 kwa siku moja, uliza maduka mengine mawili kabla ya kulipa. Na kama wote wamepandisha isipokuwa mmoja, mwangalie huyo kwa makini pia. Kagua stika ya KEBS ya bidhaa za nje, tarehe ya mwisho ya matumizi, na mwandiko wa lebo. Losheni feki haijali bei ya dola.

Faida ya karatasi

Turudi dukani. Ulinunua chupa 24 kwa 600 kila moja, jumla 14,400. Unauza kila moja 780. Zikiisha zote una 18,720 mkononi, na unasema umepata faida ya 4,320. Hiyo pesa unaitoa: karo kidogo, unga, mchango wa chama. Unabaki na 14,400 zako za mtaji, na unaingia matatu kuelekea tao kwa amani.

Huko unaambiwa chupa sasa itakufikia kwa 690. Zile 14,400 zinanunua chupa 20 tu, unabaki na 600 mfukoni. Rafu iliyokuwa na 24 sasa ina 20. Bidhaa zikiendelea kupanda na wewe uendelee hivi, mzunguko unaofuata rafu inapungua tena. Hukuona hasara hata siku moja, lakini duka linapungua.

Hesabu ya kweli ni hii. Kurudisha chupa 24 kwenye rafu kunahitaji 16,560. Ukitoa hiyo kwenye 18,720, kinachobaki ni 2,160. Hiyo ndiyo faida uliyokuwa nayo, nusu ya ile uliyodhani. Ile nusu nyingine ilikuwa ni mtaji wako uliovaa nguo za faida.

Kwa hivyo kanuni tunayokuachia ni moja: weka bei kwa kuangalia chupa utakayonunua, si chupa uliyonunua. Siku unapojua kwamba mzigo unaofuata ni 690, hata chupa ambazo bado ziko kwenye rafu ziwekee bei kwa hesabu ya 690. Wengine huona kama ni kumwonea mteja, kwa sababu hizo ulinunua kwa 600. Lakini pesa ya hiyo chupa ndiyo itakayonunua nyingine. Isipotosha, mteja huyo huyo atakuja wiki ijayo akute hakuna.

Upandishe kwa kiasi gani?

Zamani ulikuwa unapata shilingi 180 kwa kila chupa. Njia rahisi ni kulinda hizo 180: 690 jumlisha 180 ni 870. Wengine huongeza asilimia ile ile ya zamani, asilimia 30 juu ya bei ya kununua, na hiyo inakupeleka karibu 900. Kwa losheni ambayo bei yake kila mtu mtaani anaijua, tungeanza na 870. Kodi yako ya duka haikupanda kwa sababu ya dola, kwa hivyo 180 ile ile bado inafanya kazi yake. Ile njia ya asilimia iachie vitu ambavyo mteja hawezi kulinganisha haraka na duka la jirani, kama wigi ya nywele halisi au palette ya rangi za macho, ambavyo pia vinakaa sana kabla ya kuuzwa.

"Lakini wateja watakimbia." Wachache wataenda, ni kweli. Tupime. Ukibaki na 780, kila chupa inakupa 90 tu, na ukiuza zote 24 unapata 2,160. Ukiuza kwa 870, chupa 12 zinakupa hizo hizo 2,160. Maana yake, nusu ya wanunuzi wa losheni hiyo wangepaswa kukuacha ndipo uwe umekosea. Tahadhari ni moja: anayeacha losheni huenda akaacha pia sabuni na vibanio alivyokuwa akichukua pamoja nayo. Kwa hivyo angalia mauzo ya duka zima kwa wiki mbili baada ya kubadilisha bei, si ya losheni peke yake. Taarifa ya miamala kwenye simu yako itakuonyesha kama idadi ya wanaolipa kwa siku imeshuka.

Kama 90 kwa mpigo mmoja ni kubwa, panda kwa ngazi mbili: 830 leo, 870 mzigo mpya ukifika. Mteja wako wa kila siku mwambie mapema. Akiuliza, "Mama, hii si ilikuwa 780?" mjibu ukweli: "Ilikuwa, dada. Ya mzigo unaokuja nainunua ghali zaidi. Ukipenda kuna ile chupa ndogo." Kuwa na saizi ndogo humwacha mteja dukani hata mfuko ukibana.

Tenga pesa ya chupa kila unapouza

Bei mpya haitasaidia kama pesa zote zinakaa mfuko mmoja. Malipo yakiingia kwenye simu yanaonekana yote ni yako. Ukiuza chupa sita kwa wiki kwa 870, zimeingia 5,220. Kati ya hizo 4,140 ni za chupa sita zijazo. Zihamishe kwenye akiba tofauti ya simu, uzipe jina kama "Mzigo". Kama kuna ada ya kuhamisha, fanya mara moja kwa wiki badala ya kila jioni. Zile 1,080 zinazobaki ndizo za kodi, stima na nyumbani.

Ni lini uagize, na kiasi gani?

Hapa ndipo wengi huumia mara ya pili. Bei ikianza kupanda, moyo unasema: nunua nyingi kabla haijapanda tena. Wakati mwingine inalipa. Lakini angalia kilichotokea mwanzoni mwa 2024. Januari dola ilifika karibu shilingi 160, na mazungumzo mengi yalikuwa kwamba itaendelea tu. Februari, Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na serikali ikauza Eurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ikapungua, shilingi ikapata nguvu, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Aliyejaza stoo Januari alibaki na mzigo wa bei ya juu wakati jirani yake ananunua kwa bei iliyoanza kulegea.

Kwa hivyo usikisie dola. Agiza kwa kuangalia mauzo yako. Kama losheni inauza sita kwa wiki na unaenda tao mara moja kwa wiki, agiza rafu ikifika chupa tisa: sita za wiki ya kusubiri, na tatu za dharura. Bei zikiwa zinayumba, nunua za wiki mbili au tatu, basi. Unaweza kuongeza kidogo kwa zile zinazotoka haraka. Foundation ya rangi ambayo watu wawili tu huulizia, au wigi iliyokaa miezi mitatu, usiirudishe kabisa kwa sasa. Pesa yake ihamie kwa kinachotembea.

Na kuhusu kukopa ili ujaze stoo, piga hesabu kwanza. Chupa 24 za ziada kwa 690 ni 16,560. Kama mkopo wa mwezi mmoja unatoza asilimia 9, ada ni karibu 1,490, yaani karibu shilingi 62 kwa kila chupa. Mkopo huo utakulipa tu ikiwa bei ya jumla itapita 752 ndani ya mwezi huo. Kama huna sababu ya kuamini hivyo, usikope.

Na shilingi ikirudi?

Kanuni ni ile ile, ikitembea kinyume. Bei ya jumla haishuki siku moja na dola, kwa sababu wenye maduka makubwa wanamaliza kwanza mzigo wa zamani. Wiki hizo nunua kidogo kidogo. Siku chupa inayofuata itakapokuwa 640, bei yako ni 820, hata kama bado una nne za 690 kwenye rafu. Kwa hizo nne utakosa shilingi 200 kwa jumla. Ndiyo maana hukununua arobaini.